Naomba ushauri: nondo za linta zimekatiwa kwenye kona, zege linamwagwa Jumamosi

Mjukuu wa Kanyigo

Wakuu, habari za jioni. Najenga Bukoba, nyumba ya vyumba vitatu, mita 9 kwa 11, tofali za bloku za inchi 6. Ukuta umefika juu ya madirisha, boksi za linta zimeshagongwa na nondo zimelala: 4 za mm 12 kuzunguka nyumba nzima pamoja na kuta za ndani. Leo nimepanda ngazi nikakuta kila nondo inaishia kwenye kona. Ya ukuta huu imefika mwisho, ya ukuta ule imefika mwisho, zimegusana na kufungwa kwa waya. Fundi anasema zege litazishika.

Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya tetemeko la Kagera, nilikuwa kwa wazazi. Nyumba yao haikuanguka, ila kona ya sebule ilifunguka kuanzia juu hadi nikawa naona mgomba wa jirani nikiwa nimekaa kwenye kochi. Ndiyo maana kona zinaninyima usingizi. Nisimamishe kazi au nina wasiwasi wa bure?

Fundi Rama

Mkuu, nina miaka 18 kwenye ujenzi. Linta kazi yake ni kubeba tofali za juu ya madirisha na milango, na kushika kenchi. Mm 12 nne tayari ni nyingi, wengine wanaweka mbili za mm 10 na wanalala vizuri. Kama una hofu, ongeza saruji kwenye zege.

Zege na Kamba

Rama, ungekuwa sahihi kama tungezungumzia linta ya dirisha moja. Hii inayozunguka ina kazi ya pili. Ardhi ikitikisika kwenda kushoto na kulia, ukuta unaosukumwa ubavuni hujipinda kwenda nje, na juu ndiko unakoenda mbali zaidi. Kinachouzuia usitoke ni ukuta mwenzake wa upande, na zinapokutana ni kwenye kona. Kwa hiyo mvutano mkubwa wa ule mkanda uko palepale ambapo fundi wa mleta mada amekata nondo.

Zege hubeba mzigo likikandamizwa, likivutwa hupasuka mapema sana. Nondo mbili zilizogusana vichwa hazivutani chochote, na waya wa kufungia ni wa kuzishikilia tu zege lisizisogeze. Kamba ya mzigo iliyokatwa sehemu nne haifungi mzigo, hata kila kipande kiwe kinene namna gani. Kuongeza saruji hakugusi tatizo.

Mjukuu, simamisha. Lakini usibomoe kitu.

Mama Pendo Dodoma

Samahani kuingilia. Yangu ina linta nzima kabisa lakini kona inapasuka kila mwaka, ufa wa ngazi ngazi unaofuata mistari ya udongo kati ya tofali. Kiangazi unaingia kidole, masika unajifunga. Basi hizi nondo za kona zingenisaidia?

Zege na Kamba

Mama Pendo, wako ni ugonjwa mwingine. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika unatoka chini, umejenga kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mkanda wa juu unaweza kuchelewesha ufa kufika kwenye kenchi, basi. Kwako kilichohitajika ni mkanda wa nondo kwenye msingi, na sasa hivi angalia maji ya paa yanamwagika wapi na kama kuna mti mkubwa karibu na hiyo kona. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe, kisha fungua uzi wako tukufuatilie. Ufa wa tetemeko huwa tofauti: mara nyingi ni herufi X kwenye ukuta ulio kati ya madirisha mawili, au kona inaachana wima kama ya wazazi wa Mjukuu.

Mjukuu wa Kanyigo

Nimemwambia fundi asubiri, amenuna. Sasa nirekebishe vipi bila kufumua?

Zege na Kamba

Nondo zilizolala ziache. Unaongeza vipande vilivyokunjwa kama herufi L, kila mguu sm 70, mm 12 hiyohiyo, ubavuni mwa zile za zamani. Mguu ukiwa chini ya sm 60, zege halipati urefu wa kuishika nondo.

Angalia hapa maana mafundi wengi hukosea. Nondo ya upande wa nje inakunja kona na kuendelea, haina shida. Ya upande wa ndani usiikunje kwa kufuata kona ya ndani. Ikivutwa itataka kunyooka, na ikinyooka inalirusha zege la kona ya ndani. Ipitishe moja kwa moja hadi ikaribie uso wa nje wa ukuta wa pili, ndipo ikunje hapo. Hivyo kila kona, juu na chini, ina L moja ya nje na mbili za ndani, jumla 6. Kona zako 4 ni vipande 24. Kuta za ndani zinapogonga za nje ni sehemu ngapi?

Mjukuu wa Kanyigo

Sita.

Zege na Kamba

Kila moja L nne, moja kwa kila nondo ya ukuta wa ndani, zikunjie kushoto na kulia ndani ya ukuta wa nje. Hivyo ni 24 nyingine. Nondo ya mita 12 inatoa vipande 8 vya mita 1.4, kwa hiyo unanunua nondo 6. Ndizo gharama zote, pamoja na waya na siku moja ya fundi kununa.

Ringi karibu na kona zikae kila sm 10 badala ya 20, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege. Siku ya kumwaga, zungukeni bila kukatiza. Mvua ikiwalazimisha kuacha, acheni katikati ya ukuta, msiachie kwenye kona.

Fundi Rama

Hapo kwenye L ya ndani nimejifunza, sikatai. Ila na mimi niulize: kona zake zina nguzo? Bila nguzo ya nondo kutoka kwenye msingi, huo mkanda umekaa tu juu ya tofali.

Mjukuu wa Kanyigo

Hazina. Tofali zimepishana tu.

Zege na Kamba

Rama kauliza swali zuri kuliko yote ya leo. Ilibidi ukuta uachwe na meno kwenye kona, nondo zitoke kwenye msingi, zege limwagwe baada ya ukuta kupanda ili ling'ate meno. Sasa umechelewa. Mimi ningevalisha kila kona wavu wa chuma, nje na ndani, sm 60 kila upande, uunganishwe kwa waya unaopenya ukuta, kisha plasta ya saruji.

Fundi Rama

Mimi ningekata kona na kumwaga nguzo. Wavu unashika kutu.

Zege na Kamba

Ukikata kona za ukuta ambao haujafungwa juu unacheza na maisha ya vibarua. Kutu inategemea unene wa plasta. Muulize mhandisi wa halmashauri aje aone, hili halimalizwi kwa simu.

Mjukuu wa Kanyigo

Nondo 6 zimefika, fundi anakunja L, bado amenuna. Zege ni Jumatatu. Kona bado sijaamua, mhandisi ameahidi kupita kesho asubuhi. Na gebo la tofali, ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, nimelifuta kwa hofu hiyohiyo ya tetemeko, paa litashuka pande zote nne.