Naomba ushauri: ofisini tuna akina Neema wawili, na mmoja wameshambandika "Kibonge"

Katibu_Muhtasari
Wakuu, habari za mchana. Nipo kwenye SACCOS moja hapa Morogoro, ofisi ndogo, wote tunaenea kwenye chumba kimoja cha mikutano na viti vinabaki. Tuna Neema afisa mikopo, mtu wa siku nyingi. Mwaka huu akaajiriwa mhasibu msaidizi, naye ni Neema (majina nimebadilisha). Mwanzoni ilikuwa kichekesho tu: mtu anaita "Neema!" wanaitika wote, au mteja wa mkopo anapelekwa dirisha la uhasibu. Vijana wa kaunta wakaanza kumwita yule mpya "Neema Kibonge" ili wawatofautishe. Baada ya muda Neema ikadondoka njiani, ikabaki Kibonge.

Kwenye kikao cha mwezi uliopita alikuwepo mjumbe wa bodi na mkaguzi wa nje. Meneja, wala hakuwa na nia mbaya, akasema: "Taarifa ya marejesho atatusomea Kibonge." Mjumbe wa bodi akazungusha macho mezani kumtafuta huyo Kibonge, akamwona, akainamia karatasi zake. Dada wa watu alisoma taarifa mwanzo mwisho bila kuinua uso, na huyu kwa kawaida ni mtu wa kueleza hadi kwa mikono. Kijana anayenisaidia kuandika muhtasari akajaza "Kibonge" kwenye safu ya mhusika. Nikaifuta kabla haujasambazwa.

Jina la kuwatofautisha tunalihitaji kweli. Nimefikiria "Neema Mdogo", "Mama Junior" (ana mtoto mmoja), au "Mhasibu" basi. Lipi litamstahi? Na nalianzishaje bila kumwaibisha mara ya pili?

Mtani_Halisi
Mkuu unakuza mambo. Kibonge ni jina la mapenzi, watoto wanaitwa hivyo kila nyumba. Kwani amelalamika? Ofisi bila utani ni mochwari. Mimi Mpare, nakaa meza moja na Mchaga, tunaitana majina ambayo hapa moderata atayafuta, na tukitoka hapo tunakula sahani moja.

Kaunta_Namba_Mbili
@Mtani_Halisi wewe na Mchaga wako mnarushiana. Huyu Neema anamrushia nani? Anamwita meneja Kitambi?

Mtani_Halisi
Hapo umenipata kidogo. Lakini bado nasema asifanywe yai. Mkianza kumwita kwa tahadhari wakati wengine wote mnawaita kwa utani, atajiona katengwa.

Dawati_la_Utumishi
Nimekaa utumishi muda mrefu na kesi hii naijua vizuri. Kwanza hilo la "kwani amelalamika". Mgeni ambaye bado yuko kwenye majaribio hawezi kulalamika juu ya jina lililotamkwa na meneja mbele ya bodi. Atacheka. Angalia anacheka lini. Aliyelipenda jina hucheka pamoja na wenzake, na siku nyingine hulitumia mwenyewe, hata akijitambulisha kwa simu. Asiyelipenda hucheka wa mwisho, na akija mgeni anawahi kutaja jina lake kamili kabla hamjamtambulisha ninyi. Huyo wako kusoma bila kuinua uso kumeshakujibu.

Sasa majina yako. "Neema Mdogo" liache. Huyo mwingine atakuwa Mkubwa, na kwa wanawake wawili ofisini hilo litageuka kuwa la umri au la umbo kabla ya Ijumaa. Halafu lijaribu kwenye sentensi ya lawama, maana jina la kikaoni haliitwi wakati wa pongezi peke yake. Sema: "Hesabu za Machi hazijafungwa, Neema Mdogo atueleze." Unaona linavyomfanya mtoto? Jina likishindwa hapo, halifai.

"Mhasibu" nalo lina kasoro. Yeye ni mhasibu msaidizi. Mhasibu mwenyewe yupo na atasikia.

Ninachoshauri ni kwamba wote wawili waongezewe kitu, na kiwe cha aina moja. Ukimwongezea mmoja tu, yule wa zamani anabaki kuwa Neema halisi na huyu anakuwa nakala. Ama wote kwa jina la baba, kwa mfano Neema Joseph na Neema Peter, ama wote kwa idara, Neema Mikopo na Neema Hesabu. Mimi kwa kikao napendelea la baba, kwa sababu idara hubadilika. Mtu akihamishwa dirisha, jina linabaki linadanganya.

Mama_wa_Mjini
Naongezea kwenye "Mama Junior". Mtaani sawa, mimi mwenyewe naitwa kwa jina la mwanangu na nalipenda. Kikaoni hapana. Mezani kunakuwa na Mhasibu, Injinia, Afisa, halafu Mama Junior. Mgeni atadhani ndiye aliyeleta chai. Na mkishaifanya kuwa desturi ya ofisi, kesho atakuja dada ambaye hajajaliwa mtoto, au aliyefiwa, mtamwitaje? Mbona baba zao hamuwaiti Baba Junior kwenye ajenda?

Kijana_wa_Kihonda
Kaka sema ukweli, unampenda huyo dada. Mwite "Neemz" umalize, mwalike chakula Jumamosi.

Katibu_Muhtasari
@Kijana_wa_Kihonda nina mke, naye anasoma huku. Turudi kwenye mada.

Chuma_cha_Pua
Mimi nitoe langu. Karakana nzima wananiita Chuma, nililipata kwa kunyanyua injini ujanani, na nalipenda mpaka leo. Tatizo lilikuja niliponyanyuliwa kuwa msimamizi. Nikiwa na wateja wa mkataba, fundi anapaza sauti kutoka uvunguni mwa gari: "Chuma, leta spana kumi na saba!" Mteja anajiuliza anaongea na msimamizi au na kibarua. Kwa hiyo hata jina zuri lina mahali pake. Tulikubaliana geti la ofisi ndiyo mpaka. Ndani ya geti ni jina langu, nje ni Chuma. Wazee wamezoea, vijana wapya ndio wanasahau.

Pwani_Mombasa
Kwetu Mombasa tungetumia herufi, N.J. na N.P., na zinaingia hata kwenye muhtasari. Hazina tusi wala hazina kabila. Maana jina la ukoo kwa wengine ni kama kutangaza umetoka wapi, na si kila mtu anataka hilo litamkwe kila Jumatatu.

Halafu nadhani shida si jina la utani, ni limetoka wapi. Mwinyi aliitwa Mzee Ruksa kwa sababu alilegeza masharti ya biashara, Magufuli akaitwa Tingatinga tangu akiwa waziri wa ujenzi. Moi hili la Nyayo alilibeba mwenyewe tangu 1978, kwamba anafuata nyayo za Kenyatta. Yote ni ya kazi au ya kauli, hakuna la tumbo. Mtafutieni dada jina la anachokifanya vizuri.

Dawati_la_Utumishi
Ndugu wa Mombasa, la herufi nakubali, ni zuri hasa kwenye muhtasari. La "anachokifanya vizuri" naliogopa kidogo. Niliwahi kuona mtu akiitwa Kompyuta kwa wepesi wa hesabu. Siku alipokosea tarakimu moja mbele ya wakaguzi, mtu akasema "leo Kompyuta imeingia virusi", chumba kizima kikavunjika mbavu. Jina la sifa humngoja mtu akosee. La baba halimsifu wala halimsimangi.

@Katibu, jinsi ya kulianzisha. Usisimame kikaoni kutangaza kwamba kuanzia leo ni marufuku kusema Kibonge, hapo utakuwa umelitamka mbele ya wote tena, safari hii kwa mkazo. Kaa na Neema pembeni, na usianze na pole. Anza na kazi: "Tuko na akina Neema wawili, kwenye muhtasari nawachanganya, nikuandikeje?" Mpe mbili tatu achague, na ajue kwamba anaweza kuleta lake. Muulize yule mwingine swali hilohilo siku hiyohiyo. Halafu muone meneja peke yake, maana wengine wanafuata kinywa cha mwenyekiti. Baada ya hapo liandike kwenye ajenda, karatasi ya mahudhurio na kundi la wasap. Mtu akiteleza, usimkemee. Akisema "Kibonge alete Ijumaa", wewe andika na usome kwa sauti: "Neema Joseph, Ijumaa." Endelea.

Mtani_Halisi
Na sheria inasemaje? Nimesikia mtu anaweza kushtaki.

Dawati_la_Utumishi
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu bughudha kuwa aina ya ubaguzi inapotokana na mambo yaliyoorodheshwa humo: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengine. Unene haumo. Mtu anaweza kujenga hoja ya jinsia ikiwa wanawake ndio wanaobandikwa majina ya maumbo, lakini kwa hili la Katibu sioni haja ya kufika huko. Majina ya kabila na ya ulemavu ndiyo yawatishe, na nimeyasikia mengi kuliko Kibonge.

Katibu_Muhtasari
Narudi na mrejesho. Nimeongea na mhasibu kama alivyosema Dawati. Sikumaliza sentensi, akajibu "Neema Joseph" haraka, kana kwamba jibu lilikuwa limekaa mdomoni. Akaongeza kwamba vijana wa kaunta wakimwita Kibonge kwenye chai hana neno, "ila siyo mbele ya bodi". Kwa hiyo Mtani naye hakukosea kabisa.

Meneja alishtuka kidogo, akasema hakujua kama linamkera. Ametoa simu akabadilisha namna alivyomhifadhi.

Kazi iko kwa Neema wa mikopo. Kanijibu: "Mimi naitwa Neema. Nimelikuta jina langu hapa na sitaliongezea mkia, mgeni ndiye aongezewe." Nifanyeje?

Mama_wa_Mjini
Ana haki jamani. Ukongwe ofisini ni kitu.

Dawati_la_Utumishi
Sikubaliani na Mama, ila usimlazimishe. Kumwita mtu kwa jina asilolitaka ndilo tatizo tulilokuja kulitatua. Kwenye maandishi waandike wote kwa majina mawili mawili, na wafanyakazi wengine wote vilevile, asione kalengwa yeye. Kwa mdomo aendelee kuwa Neema. Baadaye watu watafuata karatasi, au hawatafuata.

Pwani_Mombasa
Mimi nadhani hawatafuata. Atabaki Neema na mwenzake Neema Joseph, na wote watazoea.

Chuma_cha_Pua
Wekeni vibao vya mezani. Karatasi ngumu ya A4, ikunje isimame kama paa. Andika jina pande zote mbili, na kwa herufi kubwa, maana mwenyekiti anakaa mbali na wenye miwani huwa wameisahau ofisini.

Katibu_Muhtasari
Hiyo naweza. Kikao ni Alhamisi, navichapa kesho, na changu nacho kitakuwepo.