Mtindi umeota ukungu, na jibini pia. Mama mkwe anasema nitoe tu kwa kijiko. Naombeni ushauri

Mama Pacha
Habari zenu wanajamvi. Niko Dar, Mbagala. Jumapili niligandisha mtindi wa lita 4 kwenye ile ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko cha kubana. Wiki hii umeme umekatika mara mbili, mara ya pili tangu jioni hadi karibu na alfajiri. Leo Alhamisi nafungua, nakuta madoa mawili ya kijani pembeni, kila moja upana wa sarafu ya mia, yana manyoya kabisa, na kwenye kifuniko kwa ndani kuna kidoa kingine kidogo. Kabla sijasema neno mama mkwe kashika kijiko, kachota yale madoa, kamwaga kwenye sinki, halafu kaukoroga mtindi. Anasema kwao wamekula hivyo miaka yote.

Sasa kwenye friji hiyohiyo kuna jibini la Gouda, nusu kilo, nimeletewa kutoka Njombe. Nalo limeota ukungu upande uliokatwa, pale nailoni ilipojikunja. Doa moja tu, halifiki hata ukucha wa kidole gumba. Hili nalitupaje jamani, si rahisi kulipata. Nitupe vyote, nikate vyote, au kila kimoja na chake? Nina watoto wa miaka mitatu nyumbani.

Ngosha wa Ziwani
Pole dada. Kwa fangasi za kucha tumia ile dawa ya kupaka ya famasi, usiache hata siku moja mpaka kucha ioteshe mpya. Mimi ilinisaidia.

Mama Pacha
Kaka, soma tena. Ni jibini.

Ngosha wa Ziwani
Daah. Nimeona "ukungu" na "ukucha" nikakimbilia kujibu. Samahani sana.

Babu Kibiriti
Wanangu mnaogopa bure. Penisilini imetokana na ukungu. Wafaransa wanalipa pesa nyingi kula jibini lenye mistari ya buluu ndani. Chota, kula, utakuwa umepata na dozi humohumo. Kama una wasiwasi, chemsha ule mtindi dakika kumi, kila kitu kinakufa.

Fundi Jibini
Shikamoo Babu. Nimefanya kazi miaka saba chumba cha kuivishia jibini, niruhusu nikupinge kidogo. Wafaransa wako sahihi na wewe uko nusu. Ukungu wa jibini la buluu umechaguliwa, unajulikana kwa jina, unapandwa kwa makusudi kwenye jibini lenye chumvi na asidi ya kiasi kinachojulikana. Huo wa kwenye ndoo ya Mama Pacha hakuna aliyeuchagua. Umetua tu, na kwa macho hata mimi siwezi kukwambia ni wa aina gani. Kuna aina zisizo na neno na kuna aina zinazotoa sumu, zote zinaweza kuwa na rangi hiyohiyo ya kijani. Na kuchemsha kunaua ukungu wenyewe, ila sumu uliyokwisha kuitoa haivunjiki kirahisi kwa moto wa jikoni.

Sasa dada, jibu lako: kila kimoja na chake. Mtindi wote utupe. Jibini unaweza kuliokoa.

Sababu ni maji. Yale manyoya unayoyaona ni kama maua ya juu, chini yake kuna nyuzi nyembamba zisizoonekana. Kwenye mtindi, ambao sehemu kubwa ni maji, nyuzi zinapita bila kizuizi, na kama kuna sumu inasambaa kama chumvi kwenye mchuzi. Kuna na jambo la pili ambalo watu hawalifikirii. Mtindi unalindwa na ule ukali wake. Ukungu unakula asidi ileile, kwa hiyo pale ulipoota ukali unashuka, na vijidudu vingine ambavyo visingeweza kuishi humo vinapata nafasi. Halafu mama kaukoroga. Hata kama tatizo lilikuwa juu tu, sasa liko ndoo nzima.

Gouda ni gumu, limekamuliwa maji, lina chumvi. Nyuzi zinakwenda polepole na haziendi mbali. Ndiyo maana linakatika. Ila kwa kipimo, usikwangue tu pale juu. Kata sentimita 2 na nusu kuzunguka doa na kwenda chini yake, na kisu kisiguse ukungu kabisa, maana kikipita kwenye doa kinauburuta mpaka kwenye nyama safi ya jibini.

Mama Pacha
Asante kaka. Mtindi roho inaniuma lakini sawa. Mama mkwe anasema basi tubakishe kikombe kimoja cha kugandishia mwingine, kwa sababu ule wa dukani haugandi vizuri kama huu.

Fundi Jibini
Hapana, hata kijiko kimoja. Utakuwa unapanda ukungu kwenye maziwa mapya. Nikuulize, huu nao uliugandisha kwa mtindi wa ndoo iliyopita?

Mama Pacha
Ndiyo. Naendeleza tangu mwezi wa pili.

Fundi Jibini
Basi pengine hapo ndipo ulipoingia, au kwenye kifuniko. Maziwa ukiyachemsha vizuri ukungu wote unakufa, kwa hiyo ulikuja baadaye, wakati yamepoa. Angalia ule mfereji wa kifuniko cha kubana, maziwa yanakaukia mle na brashi haifiki. Osha kwa maji ya moto na sabuni, pitisha kijiti chenye kitambaa ndani ya mfereji, kausha juani. Kama ndoo ina mikwaruzo mingi ifanye ya kufulia. Na gandisha kwenye vyombo vidogo vidogo badala ya ndoo moja. Ukungu unahitaji hewa, kila ukifungua ndoo kubwa unauingizia hewa na mbegu mpya. Kikiharibika kikombe kimoja unatupa kikombe kimoja.

Chepkoech wa Bomet
Hamjambo. Huku kwetu tuna mursik, maziwa ya kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa. Mara nyingi juu panakuwa na utando mweupe, laini, hauna manyoya. Nyanya yangu alikuwa anautoa na tunakunywa. Kwa hiyo kwa maelezo yako tumekuwa tukinywa sumu?

Fundi Jibini
Dada yangu, utando bapa, mweupe, unaokunjika kama ngozi ya maziwa ukiusukuma, mara nyingi ni jamii ya hamira. Huo si ukungu wa manyoya. Unaharibu ladha, unaleta harufu ya pombe, na kwenye chombo kilichofungwa unavimbisha kifuniko. Ila mimi mursik sijawahi kuitengeneza, na kwa kusoma tu siwezi kukuapia kwamba ule wa nyanya ulikuwa hamira tupu. Kukiwa na manyoya, au rangi yoyote ya kijani, nyeusi, ya waridi, hapo mimi singekunywa.

Chepkoech wa Bomet
Ile ya waridi nimewahi kuiona mara moja. Tulimwaga.

Dokta Mifugo
Niongeze moja. Watu wakisikia sumu ya ukungu wanakumbuka sumukuvu ya 2016 kule Dodoma na Manyara. Ile ilikuwa kwenye mahindi, na ni jambo jingine. Ng'ombe akila pumba au mashudu yenye ukungu, sumu inapita mpaka kwenye maziwa, na maziwa yanaonekana safi kabisa. Hiyo hakuna kisu kinachoikata na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mtu asije akadhani mtindi usio na doa basi hauna kitu. Muulize muuza maziwa wako anawalisha nini.

Babu Kibiriti
Sasa mmenitisha. Mimi nina miaka 71 na tumbo langu halijawahi kulalamika.

Fundi Jibini
Babu, hizo si sumu za kuumwa tumbo leo usiku. Nyingine hazikupi dalili yoyote siku ulipokula. Ndiyo maana tumbo si kipimo kizuri.

Mama Pacha
Nimerudi na rula ya watoto. Jibini lina urefu wa sentimita 10, upana 8, kimo 6. Doa liko upande ule uliokatwa, chini kabisa. Nilipoligeuza nimeona limeingia hadi kwenye tako la jibini, kama sentimita moja hivi. Nikate wapi?

Fundi Jibini
Umefanya vizuri kuligeuza, wengi wanakosea hapo. Pima kuanzia pale doa linapoishia, si pembeni pa jibini. Limeingia sentimita 1, ongeza 2 na nusu, unakata kwenye 3 na nusu. Kata kipande chote kwa mkato mmoja wima, sambamba na ule upande wenye doa, ukianzia juu ambako ni safi. Usichonge shimo. Kipande kibaya kitoke chote, uoshe kisu na ubao, unawe, ndipo uguse lililobaki. Utabakiwa na sentimita 6 na nusu, yaani karibu theluthi mbili. Nailoni ya zamani tupa. Funga kwa karatasi ya kuokea kwanza, nailoni mpya juu yake, maana nailoni peke yake inalifanya jibini litoe jasho, na jasho ndilo lililokuletea doa pale ilipojikunja.

Lingekuwa na madoa pande mbili nisingekushauri ujisumbue. Ukitoa sentimita 2 na nusu kila upande kwenye kipande cha 6 unabakiwa na sentimita moja tu. Na lingekuwa jibini laini la kupaka, au lile lililokunwa la kwenye mfuko, au vipande vya mkate, ningekwambia tupa bila kupima. Lililokunwa hasa, kila chembe ina hewa pande zote.

Binti Mlandizi
Kiwandani kwenu mlikuwa mnatupa kila lililoota ukungu? Nimewahi kuona video watu wanafuta tu kwa kitambaa.

Fundi Jibini
Umenikamata. Kweli tulikuwa tunafuta. Gouda likiwa bado zima kwenye mbao za kuivishia, ukungu unaota kwenye ganda la nje, tunapitisha kitambaa chenye maji ya chumvi, tunaligeuza, basi. Ganda liko zima na haliliwi. Likishakatwa nyama iko wazi, habari ni nyingine.

Mama Pacha
Nimekata kwenye 3 na nusu. Nyama ni ya manjano safi, ila kuna ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa naona kama kibuluu. Au macho yangu?

Fundi Jibini
Ufa unafika wapi?

Mama Pacha
Sioni mwisho wake. Unaelekea katikati.

Fundi Jibini
Hapo kipimo changu hakisaidii, kwa sababu ufa unapitisha hewa na ukungu unaufuata. Mimi ningetupa.

Dokta Mifugo
Mimi ningekata tena kipande kimoja nione kama ufa unaisha kabla ya kuamua. Ila kwa watoto wa miaka mitatu, sijui.

Mama Pacha
Nimekata tena sentimita moja na nusu. Ufa upo bado, kibuluu sikioni. Nimeliacha kwenye sahani nalitazama tu. Halafu kuna jambo jingine: ule mtindi na kile kipande cha kwanza mama mkwe kashawapelekea kuku.

Dokta Mifugo
Wazuie sasa hivi! Kuku, hasa vifaranga, nao wanaumizwa na sumu hizi. Wanataga hao?

Mama Pacha
Watatu wanataga. Ngoja nikimbie.