Msaada: √(4 − x²) pale x = 2 ina mwendelezo au haina? Nimekatwa alama

Kijana wa Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Mwanza. Juzi tumerudishiwa jaribio na kuna swali limenikosesha usingizi. Lilisema hivi: onyesha kwamba f(x) = √(4 − x²) ina mwendelezo kwenye intavo [−2, 2].

Katikati sikupata shida. Nilichukua c yoyote kati ya −2 na 2, limiti ikatoka √(4 − c²), sawasawa na f(c). Nilipofika ncha ya 2 nikakwama. Darasani tulishika kwamba limiti ipo pale tu kushoto na kulia zinapokubaliana. Sasa kulia kwa 2 hakuna kitu. Nikatia 2.001 kwenye kikokotoo, kikaniandikia `Math ERROR`. Basi nikahitimisha kwamba limiti haipo, mwendelezo haupo, na swali lenyewe limekosewa.

Msahihishaji kanikata alama zote za nchani na kuandika kwa wino mwekundu "upande mmoja unatosha". Hakuongeza neno. Unatosha kwa nini? Nani kasema? Nisaidieni kabla sijaenda kugombana na mtu.

Sangara Mkavu

Dogo, usigombane, umekosea. Pale nchani upande ni mmoja tu, kwa hiyo hakuna cha kukubaliana na chochote. Funksheni yoyote nchani ina mwendelezo moja kwa moja. Ndiyo maana kakwambia unatosha. Imeisha hiyo.

Mama Dagaa wa Kirumba

Mimi hesabu niliziacha kidato cha 4, ila hili neno mwendelezo limenigusa. Chombo ninachopakilia mzigo kwenda visiwani wanatoza elfu 2 mpaka kilo 20. Ikizidi kidogo tu, hata robo kilo, inaruka elfu 5. Hapo katikati hakuna bei. Huo nao si ukosefu wa mwendelezo? Na mnaweza kunisaidia kuwaambia hivyo?

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma wote. Nimefundisha hesabu za kidato cha 5 na 6 muda mrefu, na kosa la huyu kijana nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kijana, ulichoshika kuhusu pande mbili ni sahihi kwa nukta iliyo ndani, ambayo ina majirani kushoto na kulia. Lakini funksheni yako haiishi nje ya [−2, 2]. Pale 2.001 chini ya kipeuo panakuwa hasi, ndiyo sababu kikokotoo kilikataa. Hakikukwambia kwamba funksheni imekatika. Kilikwambia umeuliza mahali ambapo haipo. Chukua kina cha maji ukivuka kutoka Kigongo kwenda Busisi. Ukishakanyaga nchi kavu ya Busisi, huwezi kuniuliza maji yana kina gani hatua tano mbele, halafu kwa kuwa sina jibu useme ziwa lina kasoro.

Kwa hiyo nchani tunauliza swali moja: ukiikaribia ncha ukitokea ndani, je, thamani zinakwenda kule kule ambako funksheni yenyewe inakaa pale nchani? Kwa ncha ya kulia tunaandika lim (x→2⁻) f(x) = f(2). Kwa ncha ya kushoto ni lim (x→−2⁺) f(x) = f(−2).

Tuifanye. Weka x = 2 − h, h ikiwa chanya na ndogo. Basi 4 − (2 − h)² = 4h − h², na f(x) = √(h(4 − h)). Hiyo ni ndogo kuliko 2√h daima. Ukiwa h = 0.01 unapata takribani 0.1997. Ukiwa h = 0.0001 unapata takribani 0.02. Akija mtu akakwambia anataka thamani iwe chini ya 0.1, mwambie akae umbali usiofika 0.0025 kutoka ncha. Akitaka ndogo zaidi, unamsogeza zaidi. Inakwenda 0, na f(2) = 0. Zimekutana. Upande wa −2 ni hesabu ile ile ukiweka x = −2 + h, kwa sababu grafu ni nusu duara na pande zake zinafanana.

Sangara Mkavu

Si ndicho nilichosema, mwalimu?

Mwalimu Mstaafu

Nusu yake. Ulisema funksheni yoyote, na hapo ndipo ulipozama. Ufukwe wa mchanga unashuka taratibu mpaka maji yanaisha mguuni. Lakini hapa kwetu kuna miamba. Tuseme unakuja na mtumbwi kuelekea jiwe lililosimama wima, na maji yana kina cha mita 3 mpaka ubavuni mwa jiwe. Ukikanyaga juu ya jiwe, kina ni 0. Upande ni mmoja tu, na bado pamekatika: limiti ni 3, thamani ni 0.

Kwa hesabu, chukua hiyo hiyo √(4 − x²) kwa x ndogo kuliko 2, halafu sema f(2) = 1. Limiti ya kushoto bado ni 0. Thamani ni 1. Mwendelezo nchani umekufa, na hakuna upande wa pili wa kulaumiwa.

Sangara Mkavu

Aisee. Hapo nakubali. Ila mtu wa kawaida hawezi kuweka f(2) = 1 bila sababu, huo ni uchokozi.

Mwalimu Mstaafu

Watunga mitihani ndio kazi yao. Tena Mama Dagaa ametuletea mfano usio wa uchokozi, nami nilikuwa naurudia.

Mama, bei yako inaruka pale kilo 20, na kwa kuwa chini ya 20 na juu ya 20 pote pana mizigo, ile ni nukta ya ndani na haina mwendelezo. Lakini tazama linalotokea tukigawa intavo. Nikiangalia mizigo ya [0, 20] peke yake, ncha ya kulia ni 20. Nikija kutoka chini, bei ni elfu 2, na kilo 20 kamili wanatoza elfu 2. Safi. Sasa nikiangalia [20, 40], ncha ya kushoto ni hiyo hiyo 20. Nikija kutoka juu, bei ni elfu 5, lakini pale 20 kamili bado ni elfu 2. Imevunjika. Nukta ni moja na bei ni ile ile, ila inafaa kuwa mwisho wa intavo moja na haifai kuwa mwanzo wa nyingine. Kwa hiyo kijana, usiulize tu "pale 20 ina mwendelezo?" Uliza kwanza tuko kwenye intavo gani.

Dada wa Igoma

Shikamoo mwalimu. Kuhusu [0, 20], mbona umepita haraka ncha ya kushoto? Asiye na mzigo analipa elfu 2?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hahaha, umenikamata. Kilo 0 ni bure, na mzigo, hata uwe mdogo kiasi gani, ni elfu 2. Limiti ya kulia pale 0 ni 2,000 na thamani ni 0, kwa hiyo [0, 20] nayo imevunjika, tena mwanzoni. Tuseme [1, 20]. Ndiyo hasara ya kukagua ncha moja na kuisahau ya pili.

Kijana wa Nyegezi

Mwalimu, asante sana, nimeanza kuona. Ila kuna kitu kingine. Kwenye grafu, nusu duara pale 2 inasimama wima kabisa. Rafiki yangu anasema mtelemko pale hauna namba, kwa hiyo imekatika. Na mbona tuhangaike na nukta mbili tu za nchani kati ya zote?

Mwalimu Mstaafu

Rafiki yako amechanganya vitu viwili. Mtelemko kukosa namba si kukatika. Kalamu haikunyanyuka kwenye karatasi, ilielekea chini wima tu.

Kuhusu kuhangaika: mtasoma thiorema ya Rolle, kama bado. Inataka mwendelezo kwenye intavo iliyofungwa, ncha zikiwemo, lakini mtelemko inautaka ndani tu. Nusu duara yako inapita: f(−2) = f(2) = 0, na kweli kuna mahali mtelemko ni 0, pale x = 0, juu kileleni. Kule kusimama wima nchani hakukudhuru kitu.

Sasa vunja ncha moja uone. Chukua p(x) = x kuanzia 0 mpaka kabla ya 1, halafu p(1) = 0. Ncha zote mbili zina 0. Ndani mtelemko ni 1 kila mahali. Tafuta mahali ulipo 0, hutapata. Tafuta na thamani kubwa kuliko zote, nayo hutapata: 0.9 inazidiwa na 0.99, hiyo inazidiwa na 0.999, na 1 yenyewe haifikiwi kamwe. Ndani kote ni mstari mnyoofu usio na kasoro. Nukta moja tu pembeni imeharibu yote mawili.

Dada wa Igoma

Naongeza kidogo, na hapa huenda mwalimu asikubali. Mdogo wangu, ukifika uchambuzi wa hesabu wa mwaka wa pili au wa tatu, utakuta vitabu vinavyoandika lim (x→2) √(4 − x²) = 0 bila alama yoyote ya upande. Kwao limiti inaangalia tu x zilizomo kwenye domeni, na kulia kwa 2 hazimo, basi. Kwa mtazamo huo hata maneno "mwendelezo wa upande mmoja" hayahitajiki nchani, ni mwendelezo tu. Kwa hiyo sentensi yako "limiti haipo" kuna vitabu vitakavyoikubali na vingine vitakavyoikataa. Hitimisho lako kwamba swali limekosewa ndilo halikubaliki popote.

Mwalimu Mstaafu

Najua vitabu hivyo. Kwa mwaka wa kwanza naona vinaleta mchafuko. Mwanafunzi aandike 2⁻, kila mtu aone ametokea wapi.

Dada wa Igoma

Na mimi naona hiyo alama ndiyo iliyomfanya afikiri ncha ni nukta yenye ulemavu. Hapa tutakesha, mwalimu.

Kijana wa Nyegezi

Jumatatu nakwenda kwa msahihishaji, si kugombana, kumuuliza tu tunatumia maana ipi kati ya hizo mbili, maana kwenye daftari langu haipo. Alama nadhani zimeshakwenda na maji.

Mama Dagaa wa Kirumba

Na mimi je? Kilo 20 na robo?

Mwalimu Mstaafu

Elfu 5, mama. Punguza hiyo robo.