Fomu ya Access inaonyesha rekodi zote ila kuhariri haikubali, na wala haisemi kwa nini!!

Mchovu_wa_Data:
Wakuu leo nina hasira sijui nianzie wapi. Nina fomu ya wateja, ina jina, simu na chini kabisa deni la mteja. Inafunguka vizuri, natembea kwenye rekodi mpaka ya mwisho bila shida, nabonyeza kwenye simu kishale kinakaa pale, naandika... hakuna kitu. Herufi haiingii. Kinasikika kimlio tu basi. Hakuna dirisha la eror, hakuna chochote.

Kinachoniuma zaidi, jamaa anayeingiza data huwa anaangalia karatasi haangalii skrini, na spika zake kazima. Kabadilisha namba za simu za asubuhi nzima, mchana nakuja kuangalia haikuingia hata moja!! Na hii fomu ilikuwa inafanya kazi mpaka bosi alipotaka deni lionekane.

Kibodi_Moto:
Hiyo ndogo tu mkuu. Property Sheet, tabu ya Data, weka Allow Edits iwe Yes. Tumemaliza.

Mchovu_wa_Data:
Iko Yes tangu ilipozaliwa. Unadhani sijaangalia?

Kibodi_Moto:
Basi pale pale badili Recordset Type iwe Dynaset (Inconsistent Updates). Mimi iliniokoa.

Mchovu_wa_Data:
Nimeweka, nimefunga, nimefungua. Kimlio kile kile.

Mzee_wa_Kwiri:
Punguza moto kijana. Ukiwa unaandika, tazama chini kabisa kushoto mwa dirisha la Access, kuna maandishi gani? Halafu leta SQL ya kwiri iliyo nyuma ya fomu.

Mchovu_wa_Data:
Duh. Yapo. "This Recordset is not updateable." Kimwandiko kidogo kimejificha pembeni huko nani atakiona jamani?? SQL hii hapa:

```sql
SELECT w.MtejaID, w.Jina, w.Simu, q.Jumla
FROM tblWateja AS w LEFT JOIN qryJumla AS q
ON w.MtejaID = q.MtejaID;
```

Na kabla hujasema, nimesoma kwamba GROUP BY ndiyo inayofunga. Hapa sina GROUP BY.

Mzee_wa_Kwiri:
Unayo, umeificha ndani ya qryJumla. Hiyo si ndiyo inayojumlisha madeni kwa kila mteja? Fikiria mteja ana mistari 40 ya madeni, wewe unafuta ile jumla unaandika nyingine, Access ikabadilishe mstari upi kati ya hiyo 40? Haijui, kwa hiyo inakataa. Na haikatai hiyo fildi ya Jumla peke yake, kwiri nzima inafungwa, mpaka simu ambayo haina kosa lolote.

Hakikisha mwenyewe, acha fomu kabisa, fungua kwiri yenyewe kwenye Datasheet View ushuke mpaka chini. Kama ule mstari mtupu wenye nyota haupo, fomu haina hatia. Sasa mtoe qryJumla uangalie tena.

Mchovu_wa_Data:
Nyota haikuwepo, nimemtoa imerudi. Sasa deni bosi atalionaje?

Mzee_wa_Kwiri:
Record Source iwe tblWateja tu. Deni weka kwenye kiboksi cha peke yake, Control Source yake hii:

```
=Nz(DSum("Kiasi","tblMadeni","MtejaID=" & Nz([MtejaID],0)),0)
```

Ile Nz ya ndani usiitoe, ukifungua rekodi mpya MtejaID bado ni tupu na bila hiyo utaona #Error.

Sava_Imelala:
Na mimi nina ujumbe huo huo ila sijajumlisha kitu, ni tebo moja tu nimeiunganisha kutoka SQL Server. Nifute DSum?

Mzee_wa_Kwiri:
Huna DSum ya kufuta ndugu yangu, ugonjwa wako mwingine. Tebo yako huko kwenye sava ina primary key? Kama haina, Access haiwezi kujua inahariri mstari upi. Weka key, halafu futa linki uiunganishe upya.

Mchovu_wa_Data:
Imekubali!! Nimebadilisha simu, nimefunga, nimefungua, ipo. Asante mzee wangu. Ila bosi ana fomu nyingine ya orodha, wateja wote kwa pamoja, anataka aipange kwa deni kubwa kwanza na hapo hapo ahariri. Kwa hicho kiboksi haipangiki.

Mzee_wa_Kwiri:
Ndiyo, haipangiki. Unaweza kuiingiza DSum kama fildi ndani ya kwiri, itaharirika na itapangika, ila inahesabu upya kwa kila mteja, wakiwa wengi utaisubiri. Mimi orodha naiacha ya kusoma tu na ile kwiri ya mwanzo, ukibofya jina mara mbili inafungua fomu ya kuhariri.

Kibodi_Moto:
Mi ningetengeneza tebo ya muda ya majumla nikaiunganisha hapo, mbona rahisi.

Mzee_wa_Kwiri:
Na likiingia deni jipya saa nne nani anaisasisha?

Mchovu_wa_Data:
Bosi kashasema kubofya mara mbili hataki. Najaribu DSum ndani ya kwiri usiku huu, nitaleta jibu ikifunguka.