Naomba ushauri: kugeuza nyasi kavu kuwa kijani kwenye picha ya nyumba

Ndugu wanajamvi, nina picha ya nyumba iliyoko Bwiru, Mwanza, iliyopigwa mwezi wa Agosti bustani ikiwa imekauka, na mwenye nyumba anataka nyasi zionekane kama zinavyokuwa baada ya mvua za vuli. Katika Photoshop nimeweka juu ya nyasi tabaka la kijani lenye hali ya Color, kisha nikapunguza mwanga kwa Curves, kwa sababu nyasi kavu huwa nyeupe kuliko mbichi, na bila hivyo kijani hung'aa kama plastiki. Penye nyasi matokeo yanaridhisha, hata kivuli cha mwembe kimebaki.

Shida ni vipara vya udongo, ambavyo vimegeuka kuwa udongo wa kijani. Nimevibandikia nyasi zilizopigwa picha kutoka juu, nikazilaza kwa Perspective, lakini karibu na ukuta wa mawe kila jani bado linaonekana moja moja, ilhali kwa umbali ule majani yangepaswa kuungana. Je, nipige upya picha ya nyasi kwa kimo kilekile cha kamera na jua la upande uleule, au kupunguza ukali wa sehemu ya mbali kunatosha? Na kingo za viraka mnazifichaje?