Mrejesho: changu wa chini ya boksi hawalegei tena

Niliuliza: "Barafu tunabeba, mbona changu wa chini ya boksi wanafika mnadani Feri wamelegea na mashavu yamepauka?"

Wakuu, mchawi alikuwa maji. Barafu ikiyeyuka, maji yenye damu na utelezi yanatuama chini na samaki wanalowa humo mpaka asubuhi. Fundi ametoboa tundu kwenye kona ya chini na kulitia kizibo. Tunalifungua kila mara maji yatoke. Chini kabisa tunatandika barafu unene wa kiganja kabla ya samaki yeyote.

Mapande tunayaponda ndani ya gunia kwa rungu, maana pande kubwa haligusi samaki vizuri na ncha zake zinamchubua. Halafu safu kwa safu, na ubavuni pia, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Wakubwa tunawatoa matumbo, tunawasuuza kwa maji ya bahari na kuwajaza barafu tumboni.

Sasa hata wa chini ukimbonyeza, nyama inarudi. Kipimo hicho cha barafu kinatosha usiku mmoja tu. Tukienda dago, inabidi kuongeza. Na vijana bado wanafungua mfuniko ovyo kutafuta maji ya kunywa!