Pasteuraiza inayumba: Ziegler-Nichols, IMC, au ninunue kontrola mpya?

MtuWaMaziwa: Wakuu, habari za kazi. Joto la maziwa linapanda na kushuka bila kutulia. Seti pointi ni 74, likigusa 72 vali ya kurudisha maziwa inafunguka na uzalishaji unasimama. Bosi anataka kontrola mpya inayojipanga yenyewe. Mimi naona tupange upya hii tuliyonayo, ila nishike Ziegler-Nichols au IMC? Nilifungua vali ya mvuke kutoka 40 hadi 45, joto likapanda digrii 4. Nipeni namba.

BiVipimo: Hapo hakuna wa kukupa namba, kaka. Joto lilikaa kimya sekunde ngapi kabla ya kuanza kupanda? Likishaanza, lilichukua muda gani kufika asilimia 63 ya hizo digrii 4? Skeli ya transmita ni ipi? Na kontrola inataka geini au bendi?

MtuWaMaziwa: Kimya sekunde 10, kisha sekunde 40. Skeli 0 hadi 150. Skrini inaonyesha PB, na Ti kwa dakika.

MzeeBoila: Ziegler-Nichols, kijana. Ipo tangu 1942 na viwanda vinakwenda. Kwa namba zako geini ni 6.75, Ti sekunde 33. Weka, endelea na kazi.

BiVipimo: Mzee, shikamoo, ila hiyo ni kali mno kwa maziwa. Digrii 4 kati ya 150 ni asilimia 2.67, gawanya kwa 5 ya vali, K ni 0.533. Kwenye IMC unaweka modeli ya mtambo sambamba na mtambo wenyewe, na kinachorudi kwa kontrola ni tofauti kati yao tu. Kontrola ni modeli iliyogeuzwa, ila ule ukimya wa sekunde 10 haugeuziki, kwa hiyo unauacha, halafu unatia kichujio chenye lambda. Ukikunja hesabu yote irudi kwenye kontrola ya kawaida, na ukimya ukauandika 1 - θs, inatoka PI:

```
Kc = τ / (K (λ + θ))
Ti = τ
```

K, τ na θ umezipima, umebaki na λ peke yake. Anza na 20: Kc = 40 / (0.533 × 30) = 2.5, Ti sekunde 40. Kwenye skrini yako PB ni 100/2.5, yaani 40, na Ti dakika 0.67. Ukiandika 2.5 kwenye PB umeweka geini ya 40, vali itapiga mwisho hadi mwisho.

Kasi_Kasi: Kwa nini 20? Lambda ndogo ndiyo inajibu haraka. Weka 1.

BiVipimo: Ni kweli inajibu haraka, mradi modeli iwe sahihi kabisa. Lambda 1 inatoa geini 6.8, umerudi kwa Mzee. Mimi sishuki chini ya θ, hapa 10.

JuisiPwani: Msikilize dada. Kiwanda nilichokuwepo zamani, mtaalamu alikuja akapanga kwa Ziegler-Nichols mtiririko ukiwa kamili. Grafu ilipendeza, akalipwa, akaondoka. Usiku mashine ya kujaza chupa ikapunguza mwendo, juisi ikapita nusu. Mvuke uleule sasa unapasha juisi nusu, kwa hiyo geini ya mtambo ikakaribia mara mbili, na ukimya ukarefuka kwa sababu juisi inachelewa kufika kwenye sensa. Joto likaanza kupiga mawimbi yanayokua, opereta akaendesha kwa mkono hadi asubuhi. Tulipima upya mtiririko ukiwa nusu, tukachukua lambda kubwa kwa hali hiyo. Mchana inajibu taratibu kidogo, lakini haijayumba tena.

MzeeBoila: Huyo alipima hali moja tu. Kosa si la Ziegler.

Vifaranga_Moro: Mimi nina mashine ya kutotolesha. Ukimya dakika 1, kupanda dakika 30. Niliweka Ti = τ; nikifungua mlango, joto linachukua muda mrefu mno kurudi. IMC haifai?

BiVipimo: Inafaa kwa kubadili seti pointi. Kwa mlango, mtambo wako ni mzito kuliko ukimya wake, na Ti ya dakika 30 inachelewa kufidia joto lililotoka. Skogestad alilirekebisha hilo mwaka 2003: chukua iliyo ndogo kati ya τ na 4(λ + θ). Lambda 1, Ti inakuwa 8.

Kasi_Kasi: Na D mbona mmeiacha?

JuisiPwani: Sensa yangu ina kelele, D inachosha vali.

BiVipimo: Kwenye joto mimi naitumia. Ukimya ukiuandika kwa Padé badala ya 1 - θs, PID kamili inatoka yenyewe na lambda inabaki moja.

MzeeBoila: Kabla ya yote, MtuWaMaziwa: zungusha maji, weka vali kwenye mkono, usiiguse. Joto likiendelea kuyumba, tatizo ni presha ya mvuke. Likitulia, sogeza vali asilimia moja moja. Kama hakuna kinachobadilika, kisha inaruka ghafla, vali inakwama, na hakuna lambda wala kontrola mpya itakayoitibu.

MtuWaMaziwa: Kwenye mkono ilitulia. Hiyo ya asilimia moja sijajaribu. Bosi ameshaomba bei.

MzeeBoila: Vali ina posishena?